Swali Linasema "Mchoro Ulio Hapo Juu", na Mchoro Haupo

Jumapili jioni mama mmoja wa Jinja aliniandikia: "Mwalimu, samahani kwa usumbufu. Binti yangu yuko kidato cha nne, kuna swali limemshinda tangu asubuhi." Chini yake kulikuwa na swali lenyewe, limechapwa kwa Kiingereza kama maswali yetu ya hesabu ya sekondari hapa Uganda. Kwa Kiswahili linasema hivi: katika mchoro ulio hapo juu, O ni kitovu cha duara. TA na TB ni mistari inayoligusa duara kwenye A na B. C iko kwenye mzingo. Pembe ATB ni nyuzi 70, pembe CAO ni nyuzi 25. Tafuta (a) pembe ACB, (b) pembe CBO.

Nikatazama juu ya swali. Hapakuwa na mchoro, ni salamu za mama tu.

Zamani ningelijibu palepale. Nilikuwa na sifa hiyo, na niliipenda. Nilifundisha tuisheni kwenye baraza ya nyumba moja Kampala, wanafunzi kumi na mmoja, ubao umeegeshwa ukutani. Siku moja kijana mmoja alileta karatasi ya fotokopi: O ni kitovu, pembe AOB ni nyuzi 110, tafuta pembe ACB, tazama mchoro hapo juu. Mchoro haukuwapo, na mimi sikuuliza. Nikasema mbele ya wote, "Pembe ya kitovuni ni mara mbili ya ile ya kwenye mzingo, kwa hiyo 55." Nikafuta ubao, tukaendelea.

Wiki iliyofuata swali lilelile likaja kwenye jaribio la shuleni kwake, safari hii na mchoro wake. Jibu lilikuwa 125. Kijana aliandika 55 bila hata kuutazama mchoro, kwa sababu mwalimu wake alishasema. Baba yake akanipigia simu: "Mwalimu, nakulipa ili umpoteze mtoto wangu?" Nilimwomba radhi, lakini kijana hakurudi tena barazani. Miaka imepita, na sauti ile naisikia hadi leo.

Kosa lenyewe ni hili. A na B zinaligawa duara katika matao mawili, dogo na kubwa. C ikiwa kwenye tao kubwa, inatazamana na zile nyuzi 110, na nusu yake ni 55. C ikiwa kwenye tao dogo, inatazamana na upande wa pili wa kitovu, wenye nyuzi 250, na nusu yake ni 125. Maneno ya swali ni yaleyale, hata nukta haibadiliki. Aliyekuwa anasema C iko wapi ni mchoro peke yake, na mchoro ulibaki kwenye mashine ya fotokopi.

Kwa hiyo ndugu yangu, swali likikufikia hivyo, usilijibu kwa mazoea. Chukua bikari na kipimapembe, uchore wewe. Usichore duara moja tu, tafuta kila mahali ambapo C inaweza kukaa bila kuvunja neno lolote la swali.

Hivyo ndivyo nilivyofanya kwa swali la Jinja. Mistari inayogusa duara inakutana na OA na OB kwa nyuzi 90, na pembenne OATB ina jumla ya 360, kwa hiyo pembe AOB ni 110. Nikafungua bikari sentimita 5, nikachora duara, nikapima 110 kitovuni, nikaweka A na B. OA na OB ni sawa, basi pembe OAB ni 35. Hiyo 35 ikumbuke vizuri, maana ndiyo iliyoniokoa.

Nikasimama kwenye A, nikapima nyuzi 25 kutoka mstari AO, kwanza upande usio na B, halafu upande wenye B. Ukitoka A, kila mstari unalikata duara tena mara moja tu, kwa hiyo C zinazowezekana ni mbili. Ya kwanza inaangukia upande wa mbali, kama sentimita 8.7 kutoka B. Ya pili inaangukia karibu sana na B, kama sentimita 1.7, lakini imeipita B na kuingia tao kubwa. Ili C iangukie tao dogo, mstari AC ulitakiwa ufungue zaidi ya nyuzi 35 kutoka AO, kwa kuwa kwenye 35 kamili unaipata B yenyewe. Tumepewa 25. Basi C zote mbili ziko tao kubwa, na jibu la (a) ni 55 bila shaka yoyote, hata bila mchoro.

Laiti swali lingesema CAO ni nyuzi 50, tungerudi kwenye msiba wa barazani: C moja ingekaa tao dogo na kutoa 125, nyingine tao kubwa na kutoa 55. Ndiyo maana nasema namba uliyopewa uisome kama shahidi. Wakati mwingine inajua kitu ambacho mchoro ulikijua.

Sehemu ya (b) ndiyo isiyookoka. Kwa C ya mbali, pembe AOC ni 130, BOC inabaki 120, na CBO ni 30. Kwa C ya karibu, AOC ni 130 vilevile, lakini BOC ni 20 tu, na CBO ni 80. Hakuna neno la swali linalochagua kati ya 30 na 80. Hapo mwalimu mkweli anaandika majibu yote mawili, na chini ya kila moja anachora duara lake.

Nikamwandikia mama: "Mama, (a) ni 55. Kwa (b) naomba mchoro. Tafadhali piga picha ukurasa mzima, na ukurasa ulioutangulia pia." Wa kutangulia nausisitiza kila mara. Mara nyingi mchoro umekaa mwisho wa ukurasa mmoja na swali limeanzia juu ya ukurasa unaofuata, na mtoto anapiga picha pale penye maneno. Nanyi walimu mnaochapa mitihani, mchoro unaoelea juu ya maandishi kwenye kompyuta huenda usiyafuate maandishi mnapoyanakili. Ufungeni kwenye mstari wa swali. Tena andikeni sentensi moja tu ya kusema C iko wapi, kama "C iko kwenye tao dogo AB" kwa lile swali la barazani, mtoto asibaki yatima fotokopi ikimla mchoro wake.

Picha ilifika saa tatu usiku. Mchoro ulikuwa kweli kwenye ukurasa uliotangulia, umeandikwa pembeni kwamba haukuchorwa kwa kipimo. C ilikuwa imejibanza karibu na B. Binti alikuwa ameiweka mbali, juu ya duara, kama tunavyoiweka wengi wetu, na kila alipokokotoa alipata 30, wakati majibu nyuma ya kitabu yanasema 80. Ndilo lililomshinda tangu asubuhi. Nikamtumia picha ya duara langu lenye C mbili. Akajibu mwenyewe kwa simu ya mama yake: "Mwalimu, kumbe 30 yangu haikuwa makosa ya hesabu."