Maswali na Majibu: Kontrapunti ya Sauti Mbili

Katika zoezi langu la aina ya kwanza, noti moja juu ya noti moja, hakuna tano sambamba hata moja, lakini mwalimu amepigia mstari noti ya nne. Wimbo wa msingi ni re fa mi so fa mi re, nami juu yake nimeandika la la so re re, do shapu, re. Nimekosea nini?

Tazama unavyotoka noti ya tatu kwenda ya nne. Sauti ya chini inapanda kutoka mi hadi so, na sauti yako inapanda pamoja nayo kutoka so hadi re ya juu, kisha zote mbili zinatua kwenye tano, kwa kuwa re ni noti ya tano ukihesabu kuanzia so. Katika sauti mbili, tano, oktavi na yunisoni hazifikiwi kwa sauti zote kwenda upande mmoja, hata kama umbali uliotangulia ulikuwa tatu, kama ulivyo wako. Waalimu wa zamani walieleza katazo hili kwa kujaza mruko: weka la, ti na do kati ya noti zako mbili, uweke fa kati ya mi na so za chini, nawe utaona fa na do zikitangulia moja kwa moja so na re. Tano sambamba ulizojisifu kuzikwepa zimo, ila zimefichwa ndani ya mruko.

Wanafunzi wengi wakionyeshwa hivi hufuta noti ya nne pekee na kutafuta nyingine ya kuweka mahali pake. Hapa ingewezekana kuweka ti, ambayo ni tatu juu ya so, lakini ungekuwa umeandika umbali wa tatu mara tatu mfululizo, kiwango cha mwisho ambacho waalimu wengi hukubali, na sauti yako ingekuwa inaifuata sauti ya chini ikishuka na kupanda pamoja nayo. Kosa lilisikika kwenye noti ya nne, ila lilizaliwa kwenye ya tatu, uliposhuka kutoka la hadi so wakati wimbo wa msingi nao ulikuwa unashuka. Panda hapo badala ya kushuka: la la do ti re, do shapu, re. Sasa mi ina sita juu yake, so ina tatu, fa ina sita, na tangu noti ya pili hadi ya tano sauti zako zinakwenda kinyume kila hatua. Mwisho wako ulikuwa sahihi tangu awali, kwa kuwa do shapu juu ya mi ni sita inayofunguka kuwa oktavi, kila sauti ikisogea hatua moja upande wake.

Mtu anayeandika kwa kutafuta kodi asingeliona jambo hili, kwa sababu so na re zikitazamwa peke yake hazina ubaya wowote. Tatizo liko katika njia iliyozifikisha hapo.

Kwa nini tano sambamba zimekatazwa wakati nyimbo nyingi nzuri zinazo?

Swali hili hunifikia kila mara, na kila mara muulizaji hudhani kwamba kuna mtu aliyesema tano sambamba ni mbaya popote ziandikwapo. Hakuna. Zoezi hili linakufundisha kuandika sauti mbili zinazojitegemea, na tano zinazofuatana hufanya sauti mbili zisikike kama sauti moja iliyonenepeshwa. Ukitaka sauti iliyonenepeshwa, ziandike. Ila usiziandike ndani ya zoezi la kujitegemea halafu ukadai uhuru wa msanii.

Nne inasikika vizuri ndani ya kodi. Mbona katika sauti mbili inahesabiwa kuwa ni mgongano?

Katika kodi ya do mi so do, nne iliyo kati ya so na do ya juu ina do nyingine chini yake inayoibeba. Katika sauti mbili hakuna kitu chini ya so. Yenyewe ndiyo msingi, na do iliyo juu yake husikika kama noti inayongoja kushuka hadi ti. Ukitaka kulithibitisha hilo, fanya zoezi la aina ya nne. Sauti ya chini ianze na la huku wewe ukiimba do, ambayo ni tatu na inapatana nayo. Sauti ya chini ishuke hadi so nawe ushikilie do ileile: sasa ni nne, kwenye pigo zito, na inauma. Kisha shuka hadi ti. Mgongano umetayarishwa, umeshikiliwa, umetatuliwa kwa hatua moja kwenda chini, na ndiyo masharti yote ya aina hiyo. Anayeirukia nne hiyo bila kuitayarisha ameandika noti ya makosa tu, hata akiitatua vizuri.

Naweza kuanza na aina ya tano, kwa kuwa inajumuisha zote?

Hapana.

Nasikia Bach hakuwafundisha wanafunzi wake kwa aina hizi. Kwa nini basi sisi tusianze na harmonia huria?

Ni kweli. Mwanawe, Carl Philipp Emanuel, aliandika kwamba baba yake aliziacha aina kavu za Fux, mwalimu aliyezipanga aina hizi kitabuni, na wenzake, akawaanzisha wanafunzi kwa besi yenye tarakimu, yaani sauti ya chini yenye namba zinazoonyesha noti za kupigwa juu yake, katika sauti nne. Lakini wanaoleta hoja hii husahau kwamba wanafunzi hao walikaa kwenye kinanda wakitekeleza kwa vidole kila sauti ya besi hiyo, na kila noti ya kugongana ilikuwa na mahali pa kutoka na pa kwenda. Hawakupewa jedwali la kodi. Kwa upande mwingine, Haydn alijifunza mwenyewe kwa kitabu ambacho Fux alikichapisha mwaka 1725, kisha akamfundisha Beethoven kwa njia hiyohiyo.

Sababu ya kutanguliza sauti mbili ni nyepesi kuiona katika kodi ya saba. Mwanafunzi wa harmonia huambiwa kwamba juu ya so huwekwa ti, re na fa, na kwamba fa lazima ishuke hadi mi. Hukariri, na juma linalofuata huipandisha fa hadi so. Aliyepitia aina ya pili ameshaandika so ndefu chini na so fa juu yake, kisha do chini na mi juu. Kwake, fa ni noti ya kupita kwenye pigo jepesi, iliyokuwa ikishuka tangu ilipotoka so, na hahitaji kuambiwa iende wapi. Miaka ya baadaye watunzi waliacha kuianzia so hiyo, wakaigonga fa moja kwa moja, lakini mwelekeo wake ulibaki.

Hata hivyo nawaonya wanaoganda hapa. Aina hizi si mtindo wa mtunzi yeyote. Ni nadra wimbo halisi kwenda noti kwa noti mwanzo hadi mwisho, na Palestrina, ambaye Fux alimfanya kielelezo, aliandika mambo ambayo yangepigiwa mstari katika daftari lako.

Nikagueje zoezi langu kabla ya kulipeleka?

Imba sauti uliyoiandika huku ukipiga wimbo wa msingi kwenye kinanda, kisha ubadilishane. Ukipotea mahali, au ukajikuta unaimba sauti ya chini bila kukusudia, kagua noti mbili zilizotangulia pale ulipopotea.