Barua ya kuuliza FCL: uulize nini, na kwa namba zipi

*"Wadau, mimi ni karani wa mafao kwenye kampuni moja hapa Nakuru. Bima ya maisha ya wafanyakazi inahuishwa hivi karibuni, na kwenye nukuu kuna mstari mmoja tu: 'FCL: Sh 5,000,000'. Bosi anataka niiandikie kampuni ya bima watueleze. Broka anasema ni jambo la kawaida, nisijisumbue. Niandike nini?"*

Andika, ndugu, wala usimsikilize broka kwa hilo. Nimeshika mafao ya wafanyakazi Kisumu kwa miaka mingi, na mstari huo mmoja ndio niliouona ukileta maneno mengi kuliko kurasa zote nyingine za mkataba.

FCL, yaani "Free Cover Limit" kwa Kiingereza, ni kiwango cha fidia ambacho kampuni ya bima inamkubalia mfanyakazi bila kumpima afya wala kumuuliza habari za magonjwa yake. Hadi hapo anaingia kwa sababu tu yumo kwenye orodha ya wafanyakazi. Akistahili zaidi ya hapo, ile ziada haimhusu mpaka ajaze fomu ya afya, apimwe, na kampuni ya bima imkubali kwa maandishi. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Wanadhani hiyo Sh 5,000,000 ndiyo fidia ya juu kabisa, au wanadhani kila mtu amekwisha kukatiwa bima ya kiasi chake chote. Yote mawili si kweli.

Kwa nini wakubali bila vipimo? Kwa sababu kwenye bima ya kikundi mfanyakazi hajichagulii. Mzima na mgonjwa wanaingia pamoja siku wanapoajiriwa, kwa hiyo hakuna anayekimbilia bima baada ya kusikia habari mbaya kutoka kwa daktari. Ndiyo maana kikundi kikubwa hupewa kiwango cha juu, na kidogo hupewa cha chini. Wanaangalia pia umri wa watu, aina ya kazi, na jinsi fidia zilivyosambaa. Kampuni ambayo wakubwa wawili wanalipwa mara kumi ya wengine haipati kiwango kizuri, kwa maana kifo kimoja tu kinaweza kumeza malipo ya bima ya kikundi kizima.

Kabla ya kuandika, fungua orodha ya mishahara. Hujasema mkataba wenu unalipa mishahara ya miaka mingapi, kwa hiyo tuseme mitatu. Gawanya 5,000,000 kwa 3, kisha kwa 12. Unapata Sh 138,888. Kila anayelipwa zaidi ya hapo kwa mwezi amevuka FCL. Lakini angalia kwanza mkataba unahesabu mshahara gani, wa msingi peke yake au pamoja na marupurupu ya nyumba, kwa sababu hilo pekee linaweza kuwavusha watu kadhaa.

Sasa chukua meneja anayelipwa Sh 210,000. Kwa mwaka ni 2,520,000, mara tatu ni 7,560,000. Akifariki kabla ya kupimwa, kampuni ya bima italipa 5,000,000 na kufunga faili. Zile 2,560,000 zinabaki na nani? Ukisoma barua yake ya ajira na kukuta imeandikwa "fidia ya mishahara ya miaka mitatu" bila neno lolote kuhusu vipimo, jibu unalo: familia itamdai mwajiri.

Hili nimelishuhudia. Mkuu wa idara moja pale nilipokuwa alipewa fomu, akasema ataenda wiki ijayo, na wiki ijayo haikuisha. Alipofariki, shemeji yake alikuja ofisini na barua ya ajira. Aliiweka mezani mbele yangu, kifungu cha fidia kimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, hakusema kitu. Kampuni ya bima ilikuwa imelipa hadi kiwango chake, na kwa mujibu wa mkataba haikukosea. Fomu ya marehemu tuliikuta kwenye droo yake, amejaza jina na tarehe ya kuzaliwa tu. Salio lililipwa na mwajiri kwa awamu, baada ya mikutano ambayo sitaki kuikumbuka.

Kwa hiyo barua yako isiulize "FCL ni nini?" peke yake. Ukiuliza hivyo utatumiwa aya mbili za maelezo ya jumla ambazo zingefaa kampuni yoyote. Uliza kwa watu wako na namba zako. Mimi ningeandika hivi. Kama ofisini mnaandikiana kwa Kiingereza, sawa, maswali yabaki yaleyale:

> Kwa Meneja, Bima za Vikundi
>
> KUH: KIWANGO CHA FIDIA BILA VIPIMO (FCL), MKATABA NAMBA ______
>
> Tumepokea nukuu yenu ya kuhuisha bima ya maisha ya wafanyakazi wetu, inayotaja FCL ya Sh 5,000,000. Kabla hatujaikubali, tunaomba mtufafanulie yafuatayo kwa maandishi, mkitaja kifungu cha mkataba kinachohusika.
>
> Kwanza, kiwango hiki mmekipataje, na ni mabadiliko gani katika idadi ya wafanyakazi yatakayowafanya mkipunguze? Kikipungua, je, mfanyakazi aliyekubaliwa bila vipimo chini ya kiwango cha sasa atabaki na fidia yake?
>
> Pili, tumeambatanisha orodha ya wafanyakazi, kwa namba za ajira bila majina, ambao fidia yao inazidi kiwango hiki. Tafadhali onyesheni kwa kila mmoja: fidia anayostahili, fidia iliyopo leo, vipimo vinavyotakiwa, na kama vipimo alivyofanya miaka iliyopita bado vinakubalika. Wakati vipimo vinasubiriwa, je, ile ziada inalindwa kwa kifo cha ajali?
>
> Tatu, nyongeza ya mshahara ikimvusha mfanyakazi kiwango hiki katikati ya mwaka, je, anahitaji vipimo mara moja? Na aliyekwisha kupimwa, fidia yake inaweza kuongezeka hadi wapi kabla hajapimwa tena?
>
> Nne, malipo ya bima mliyotutoza yamehesabiwa kwa fidia kamili au kwa fidia iliyopo? Kama ni kamili, tunaomba hesabu mpya au maelezo ya marejesho.
>
> Tano, gharama za vipimo zinalipwa na nani, na ni madaktari gani wa karibu mnaowakubali?
>
> Wako mwaminifu,

Swali la kupungua kwa kiwango usiliruke, hasa kama mna mashamba au kiwanda chenye kazi za msimu. Watu mia wakiondoka, kiwango cha mwaka ujao kinaweza kushuka, na yule aliyekuwa chini ya mstari akajikuta juu yake bila mshahara wake kupanda hata shilingi. Kampuni nyingi huwaachia wa zamani walichokuwa nacho, ila "nyingi" si neno la kulitegemea siku ya msiba. Wakuandikie.

Kuhusu nyongeza, mtafute kwenye orodha yako mtu wa Sh 130,000. Fidia yake ni 4,680,000, yuko salama. Mpe nyongeza ya asilimia 10, anafika 143,000, na fidia inapanda hadi 5,148,000. Amevuka kwa 148,000. Hakuna atakayempigia simu kumwambia. Kampuni ya bima haijui mpaka upeleke orodha mpya, naye anashangilia tu mshahara. Hawa ndio wanaosahaulika, maana wakubwa kila mtu anawajua.

Malipo ya bima yana njia rahisi ya kukaguliwa. Tuseme kiwango ni Sh 4 kwa kila elfu moja ya fidia. Yule meneja, kwa fidia kamili, ni Sh 30,240 kwa mwaka. Kwa 5,000,000 ni Sh 20,000. Ukiona ankara imebeba 30,240 na hajapimwa, mnalipia ziada ya 10,240 kwa kitu ambacho huenda hakipo. Wala usidhani kwamba kwa kuwa pesa zimepokelewa basi ziada imekubaliwa. Siku ya dai wanaweza kukurudishia malipo ya ziada na kushikilia FCL yao.

Kuna kifungu kingine ambacho FCL haikifuti, nacho ni kwamba mtu awe kazini siku bima inapoanza. Aliye kwenye likizo ya ugonjwa siku hiyo kwa kawaida haingii mpaka arudi kazini, hata kama mshahara wake ni mdogo na yuko mbali na Sh 5,000,000. Mkibadilisha kampuni ya bima, waulize hili mapema, wakiwa bado wanawatafuta.

Upande wa vipimo wenyewe, kazi yako ni kuwafikisha watu kwa daktari tu. Kwa kawaida ni fomu, shinikizo la damu, mkojo na damu, pamoja na kipimo cha virusi vya Ukimwi, na kwa fidia kubwa zaidi wanaongeza kipimo cha moyo. Watu hukwepa kwa sababu ya hicho cha Ukimwi, usijifanye hujui. Waeleze kwamba sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi inazitaka kampuni za bima ziweke kiwango ambacho chini yake mtu halazimiki kueleza hali yake, na kwamba akitaka fidia ya juu ya kiwango hicho wanaweza kumtaka apimwe. Majibu yatoke kwa daktari hadi kampuni ya bima moja kwa moja. Habari za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na wewe huna haja ya kuziona. Unachopaswa kupata ni uamuzi: amekubaliwa, amekubaliwa kwa malipo ya juu, ameahirishwa, au amekataliwa ile ziada. Hata aliyekataliwa anabaki na fidia ya hadi FCL. Mwambie hivyo kabla hajaenda, utaona hofu inapungua.

Na swali la tano si dogo. Kama mna tawi Kakamega na daktari anayekubaliwa yuko Kisumu, mtu anapoteza siku nzima na nauli juu. Tulipomwombea ruhusa na nauli, fomu zilianza kurudi.

Mnakili broka barua hiyo, lakini ipeleke moja kwa moja kwa kampuni ya bima na upate muhuri wa kupokelewa. Wakikujibu kwa simu, andika barua pepe siku hiyohiyo: "Kama tulivyozungumza, mmesema hivi na hivi, tafadhali thibitisheni." Wakinyamaza wakati siku ya kuhuisha inakaribia, mwambie bosi asitie saini. Na ile barua ya ajira, mpelekee wakili wenu aongeze maneno "kwa kadiri itakavyokubaliwa na kampuni ya bima" kwa watakaoajiriwa kuanzia sasa. Wa zamani msiwabadilishie kimyakimya. Hao ni wa kukaa nao mezani.