Kampuni imefilisiwa, deni langu litalipwa?

"Nilimuuzia mbao mteja wa Nairobi, kampuni yake imefilisiwa na ananidai subira. Deni langu ni 300,000. Nitapata chochote?"

Tenganisha mambo matatu kwanza. Kushindwa kulipa madeni ni hali tu. Mtu au kampuni inaweza kuwa nayo na bado ikaokolewa. Kutangazwa muflisi na mahakama humhusu binadamu. Kampuni hufilisiwa: mfilisi huuza mali, hugawa fedha, kisha kampuni hufutwa. Haya yako kwenye Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015.

Tuseme jengo lililowekwa rehani benki limeuzwa milioni 6, na benki inadai 7. Benki inachukua zote 6. Milioni 1 iliyobaki inaingia foleni yako. Mali nyingine, isiyo na rehani yoyote, imeleta milioni 3. Gharama za ufilisi, 500,000, hutoka mwanzo. Wafuatao ni wafanyakazi: mishahara ya miezi minne ya mwisho, isiyozidi 200,000 kila mmoja. Watano wanaodai 250,000 kila mmoja watapata milioni 1, na ziada yao ya 250,000 inashuka kwenu. Kodi ikichukua 800,000, zinabaki 700,000.

Wadai wasio na dhamana, benki ikiwamo, wakidai jumla milioni 3.5, kila shilingi inalipwa senti 20. Wewe utapata 60,000. Wenye hisa hawapati kitu.

Peleka uthibitisho wa deni kwa mfilisi, pamoja na ankara na hati za kupokelea mzigo, kabla ya tarehe aliyotangaza. Wengi hukosa hapo.