Umelipa kodi ila gari inagoma kubadilishwa jina? Anza na kile kiasi kinachodaiwa

Mtu akiambiwa gari haiwezi kuhamishwa jina kisa deni la kodi kitu cha kwanza anatoa risiti, anaiweka kaunta, anasema mi nimelipa hii hapa. Karani naye anageuza skrini anasema deni lipo hili hapa. Basi mnaanza kuzozana na foleni nyuma inakua. Jamani, hapo mnaweza kuwa wote mnasema kweli, na hamtaelewana mpaka mmoja wenu aulize hela ilienda wapi baada ya kutoka kwako.

Kwanza huyo karani wa usajili hana deni lako na wala hana uwezo wa kulifuta. Anachokiona ni alama ya zuio tu iliyotumwa na mamlaka ya mapato, na hata ukimlilia mpaka jioni hawezi kuitoa. Kwake chukua taarifa tu: zuio limewekwa na ofisi ipi, ni kodi gani, ya mwaka gani, kiasi gani, namba yake ya kumbukumbu ni ipi, na limekaa kwenye gari au kwenye namba yako ya mlipakodi. Hilo la mwisho watu hawaulizi na ndo linapoteza muda sana, kwa sababu kama limekaa kwenye namba yako linaweza kuwa deni la biashara halihusiani na gari kabisa, na kama limekaa kwenye gari linaweza kuwa la aliyekuuzia.

Ukishapata hicho kiasi, kilinganishe na ulicholipa, hapo ndo utajua tatizo liko wapi. Kama kinachodaiwa ni kodi nzima kama vile hujawahi kulipa, hela yako haikufika kwenye akaunti yako ya kodi, imeenda kwa namba nyingine, au mwaka mwingine, au imekaa kwenye akaunti ya malipo ambayo hayajajulikana ni ya nani. Hii inatokea sana kwa gari iliyowahi kubadilishwa namba za usajili, malipo yamebaki kwenye namba ya zamani. Hapo unaomba kwa maandishi malipo yahamishwe, unaambatanisha uthibitisho wa benki kwamba muamala umekamilika, sio ile karatasi ya kuonesha umetuma maombi ya malipo, maana ile haithibitishi kwamba hela ilipokelewa.

Kama kinachodaiwa ni kipande kidogo, hiyo ni habari nyingine, na ndo iliyonikuta mimi nilipokuwa nauza gari. Namba nitazifanya nyepesi. Kodi ya 2022 ilikuwa 12,000 nikalipa yote na risiti inasema 12,000. Skrini inasema 2022 nadaiwa 963. Nikaomba taarifa ya akaunti, wakanipa ile ya muhtasari yenye salio tu, haikunisaidia chochote. Ombeni ile ya muamala mmoja mmoja. Kwenye hiyo nikaona malipo yangu yamegawanywa mara mbili, tarehe ileile, namba ya kumbukumbu ileile, mstari mmoja 900 umeenda faini ya 2021 na mstari wa pili 11,100 ndo umeenda 2022. Yaani sistimu nyingi zimepangwa kumaliza deni la zamani kwanza, kwa hiyo ile faini ya 2021 ambayo mi sikuwa na habari nayo ilikula 900 ya mwaka uliofuata, 2022 ikabaki na upungufu wa 900, riba ikapanda mpaka 63, jumla 963. Risiti yangu ilikuwa sahihi na skrini ilikuwa sahihi.

Sasa hiyo faini yenyewe ilitoka wapi? Ilikuwa ya kuchelewa kulipa kodi ya 2021. Uthibitisho wa benki ulionesha hela ilikatwa kwangu kabla ya siku ya mwisho, ila wao walihesabu siku ilipoingia kwao, ambayo ilikuwa baada ya wikiendi. Kwa hiyo nilikuwa na hoja ya kuipinga, na mnunuzi naye alikuwa ananisubiri. Nilichofanya, nililipa ile 963 ili zuio litoke, na papo hapo nikapeleka barua ya pingamizi inayosema nalipa huku napinga faini na naomba nirudishiwe. Kabla hujafanya hivi uliza kama kulipa hakukuondolei haki ya kupinga, na angalia siku za mwisho za pingamizi zilizoandikwa kwenye notisi yenyewe, maana zikipita hoja yako hata iwe nzuri vipi haisikilizwi.

Na ukilipa kipande kama hicho uliza kiasi kitakuwa sahihi mpaka tarehe gani. Riba mara nyingi inahesabiwa kwa siku. Ukilipa Ijumaa jioni hela ikaingia Jumatatu, kuna riba ya siku kadhaa itabaki, ni kidogo kweli ila sistimu inaweza kuliacha zuio palepale mpaka salio lisome sifuri kamili.

Salio langu likasoma sifuri, narudi usajili, zuio bado lipo. Hii ni hatua ya tatu na wengi wanakata tamaa hapa wanadhani wamedanganywa. Mamlaka ya mapato na usajili mara nyingi wana sistimu mbili tofauti, kulipwa kwa deni ni tukio moja na kutumwa kwa taarifa ya kuondoa zuio ni tukio lingine, na wakati mwingine lazima mtu wa kitengo cha madeni alibonyeze yeye mwenyewe. Msiombe barua inayosema huyu hadaiwi, ombeni inayosema zuio namba fulani kwenye gari fulani limeondolewa, na iwe na namba ya usajili, namba ya chesisi, jina la mwenye gari kama lilivyo kwenye kadi, na tarehe.

Isome hiyo barua palepale kabla hujaondoka, herufi kwa herufi, kadi ya gari ukiwa umeishika mkononi. Yangu walikuwa wameandika O mahali pa sifuri kwenye chesisi na usajili wakaitafuta wakasema gari hiyo haipo. Zile namba za chesisi za kimataifa zenye tarakimu na herufi 17 hazitumii kabisa I, O wala Q, kwa hiyo ukiona mojawapo kwenye barua ujue imekosewa, rudisha irekebishwe kabla haijagongwa muhuri.

Muda wote huu mnunuzi wangu alikuwa amelipa kianzio tu na gari ilikuwa bado kwangu. Tuliandikiana kwamba hela iliyobaki inalipwa siku kadi inatoka na jina lake, na kama zuio halijatoka mpaka tarehe tuliyokubaliana anarudishiwa kianzio chake chote. Na we unayeuza usimkabidhi mtu gari kwa ahadi kwamba jina tutabadilisha baadaye, maana mpaka siku hiyo kodi mpya, faini za barabarani na kesi yoyote itakayotokea vinaweza kuja kwa jina lililopo kwenye kadi, na vinaweza kuzaa zuio jingine kabla hata hili hujalimaliza.