Kuigeuza ripoti ya ukaguzi wa nyumba ya kupanga kuwa jedwali la chumba kwa chumba

Nimekuwa nikipokea ripoti za ukaguzi zilizoandikwa kwa aya ndefu na kuzipanga upya ili mwenye nyumba na mpangaji waweze kuzisoma kwa pamoja na kutia saini. Kuchora jedwali si kazi ngumu. Ugumu umo katika kuamua sentensi moja ibebe mistari mingapi, na katika kutoandika jambo ambalo mkaguzi hakulisema. Chukua mfano huu, ambao nimezipa sentensi zake namba kabla ya kugusa chochote:

(1) Sebule iko katika hali nzuri, isipokuwa ukuta wenye dirisha una doa la unyevu na soketi moja kati ya mbili imelegea. (2) Jikoni koki ya sinki inavuja, na mlango wa kabati haufungi vizuri, kama ule wa chumbani. (3) Bafu halina tatizo, ingawa siku hiyo maji yalikuwa yamekatika.

Katika safu ya hali ninatumia maneno manne tu: Nzuri, Kasoro, yaani kitu bado kinafanya kazi yake, Mbovu, yaani hakifanyi kazi, na Haijakaguliwa. Kila kitu hupewa mstari wake, na kila mstari hubeba namba ya sentensi ulikotoka.

| Chumba | Kitu | Hali | Maelezo | Na. |
|---|---|---|---|---|
| Sebule | Kwa jumla | Nzuri | Sehemu nyingine hazikutajwa moja moja | 1 |
| Sebule | Ukuta wenye dirisha | Kasoro | Doa la unyevu. Ukubwa haukuandikwa | 1 |
| Sebule | Soketi, 1 kati ya 2 | Kasoro | Imelegea. Haikusemwa ni ipi, wala kama ina umeme | 1 |
| Jikoni | Koki ya sinki | Kasoro | Inavuja | 2 |
| Jikoni | Mlango wa kabati | Kasoro | Haufungi vizuri | 2 |
| Chumba cha kulala | Mlango wa kabati | Kasoro | Haufungi vizuri | 2 |
| Bafu | Kwa jumla | Nzuri | Kwa kutazama tu | 3 |
| Bafu | Vifaa vya maji | Haijakaguliwa | Maji yalikatika. Virudiwe | 3 |

Tazama mstari wa chumba cha kulala. Katika ripoti chumba hicho hakina sentensi yake. Kimejificha ndani ya maneno «kama ule wa chumbani», na anayesoma haraka akitafuta majina ya vyumba mwanzoni mwa sentensi atakiruka. Ndiyo maana huwa ninasoma ripoti nzima mara moja nikitafuta viunganishi pekee: kama, pia, vilevile, isipokuwa, ingawa.

Neno «ingawa» katika sentensi ya tatu ndilo lenye uzito kuliko yote. Mkaguzi amesema bafu halina tatizo, lakini bila maji hakuna aliyeweza kujua kama choo kinavuta, kama bomba la manyunyu linatoa maji, au kama maji yanashuka kwenye mfereji wa sakafu. Ukiandika «Nzuri» peke yake, mpangaji atakayekuta choo hakivuti siku anayohamia atakuwa ameshatia saini kwamba kilikuwa sawa. Nafasi tupu nayo haifai, kwa sababu mmoja ataisoma kuwa hakuna kasoro na mwingine ataisoma kuwa palisahauliwa.

Kwa sababu hiyo hiyo siichukui ile «hali nzuri» ya sebule na kuigawa katika dari, sakafu, mlango na swichi. Wapo wanaofanya hivyo ili jedwali lionekane kamili, nami nadhani wanakosea: kigae chenye ufa kikionekana mwaka unaofuata, mstari unaosema «Sakafu: Nzuri» utatumika kama ushahidi ilhali hakuna aliyetamka neno sakafu. Mstari wa jumla wenye maelezo ya ukweli ni bora, hadi mtu arudi na kuangalia.

Safu ya maelezo inapaswa kujibu wapi, kiasi gani na ngapi. Pale ripoti inaponyamaza, ninaandika kwamba imenyamaza, kisha ninamuuliza mkaguzi; sijazi «doa dogo» kwa kukisia. Chanzo cha uharibifu nacho nakitenga na hali. Ripoti ikisema kitasa kimevunjwa na mpangaji aliyetangulia, hali ni «Mbovu», na katika maelezo ninaandika «kwa kauli ya mkaguzi, kilivunjwa na mpangaji aliyetangulia», kwa kuwa kuvunjika kunaonekana kwa macho, lakini aliyevunja haonekani.

Nikimaliza ninapitia safu ya namba pekee. Namba ya sentensi isiyoonekana popote ni jambo nililoliacha, na mstari usio na namba ni jambo nililolitunga mwenyewe, nao ninaufuta kabla jedwali halijaenda kwa yeyote.