Kabla mshenga hajabisha hodi: jinsi ya kuisoma orodha ya mahari

Mjadala wa mahari huishia kwenye kiasi. Wengine husema wazee wamekuwa wafanyabiashara, wengine husema vijana wanataka kuoa bure. Kiasi kina uzito wake, hasa kwa anayelipa, lakini nafasi ya mke na mume hupangwa na maswali mawili ambayo siku ya posa hakuna anayeyauliza: kila kitu kilichomo kwenye orodha kinaishia mikononi mwa nani, na ndoa ikivunjika kitadaiwa au hakidaiwi?

Linganisha Pwani na bara. Kwa Waislamu wa Tanga, Unguja au Mombasa, mahari ni mali ya bibi harusi mwenyewe. Hata ikiahirishwa, inabaki kuwa deni la mume kwa mkewe. Baba hupewa kilemba na mama mkaja, lakini hizo ni heshima za wazazi, zimekaa pembeni ya mahari. Kwa jamii nyingi za bara, Wakurya na Wasukuma wakiwemo, ng'ombe huenda kwa baba wa binti, na kwa desturi wengi wao hutoka hapo kwenda kumwolea kaka yake. Binti akitaka kutoka kwenye ndoa yenye kipigo, ng'ombe wanaodaiwa wamekwisha kuhamia kwa wakwe wa kaka. Ili yeye arudi nyumbani, ndoa ya kaka inatikisika. Ndiyo maana anaambiwa avumilie na watu wanaompenda kweli. Pwani nako si salama moja kwa moja, maana mke akiomba talaka ya khului kwa kawaida hurudisha mahari aliyopewa.

Sheria imejaribu kukata kamba hii kwa viwango tofauti. Tanzania, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema ndoa haibatiliki kwa sababu tu desturi ya mahari haikutimizwa, na kifungu cha 66 kinakataza mwenzi kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Wakati huohuo, sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zina kanuni za kurudisha mahari, na hizo ndizo wazee wengi wanazozikumbuka. Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema panapohitajika mahari kimila, sehemu ndogo ya ishara inatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Uganda, Mahakama ya Juu iliamua Agosti 2015 kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba, ila haikuifuta mahari yenyewe. Kwa hiyo msijidanganye kwamba sheria itawafanyia kazi yote. Kikao cha posa bado ni chenu.

Tuchukue orodha ya mfano, ya aina inayoonekana sana mijini Tanzania. Bwana harusi ni fundi umeme, bibi harusi ni muuguzi, na wana mtoto wa mwaka mmoja. Barua ya posa imejibiwa, na orodha imerudi hivi: ng'ombe 8, kila mmoja akihesabiwa Sh 700,000; mkaja wa mama Sh 500,000; koti la babu Sh 150,000; blanketi la bibi Sh 150,000; mbuzi 2 wa wajomba Sh 300,000; faini ya kuzaa kabla ya ndoa Sh 500,000. Jumla ni Sh 7,200,000. Bwana harusi ana akiba ya Sh 2,500,000.

Kinachotokea mara nyingi hapa ni kwamba bibi harusi anakopa kwenye kikundi cha VICOBA kwa siri, anampa mchumba wake, naye mshenga anazipeleka kwa baba kama fedha za mwanamume. Baada ya harusi, marejesho yanakatwa kwenye mshahara wa mke kwa mwaka mzima, huku ukweni wakisema "tumekutolea mahari". Amejitolea mahari mwenyewe na hawezi kulisema, kwa sababu siri ilikuwa ya wote wawili. Kama mnachanga pamoja, sawa, lakini iandikwe kati yenu ninyi wawili nani ametoa kiasi gani, na mkopo ulipwe kutoka mfuko wa nyumba. Msipoweza kukubaliana hata hilo, punguzeni orodha kabla ya kukopa.

Kuna hesabu nyingine isiyoonekana. Kila mjomba na kaka aliyechangia ng'ombe hujiona ana hisa. Msemo "mke wetu" unaosikika sendofu na harusini huchukuliwa kuwa utani, na kwa sehemu ni utani, lakini aliyetoa ng'ombe wawili hategemei kupikiwa siku ya harusi tu. Bwana harusi anapopokea mchango wa ndugu, aseme wazi kama ni zawadi au mkopo. Ukiwa mkopo, yeye ndiye mdaiwa na yeye ndiye atakayeulipa. Mkewe hatakiwi kuulipa kwa kufua na kuchota maji wakati wa likizo kijijini.

Sasa mazungumzo yenyewe. Yanaanza kabla barua haijaandikwa, wawili peke yenu, na yanahitaji majibu matatu: ukomo wa fedha, fedha zitatoka wapi, na kama mtakubali kubakiza deni. Kwenye mfano wetu, wachumba wanaweka ukomo wa Sh 4,000,000, yaani akiba ya 2,500,000 na zawadi ya 1,500,000 kutoka kwa ndugu wa bwana harusi. Deni hawalitaki hata kidogo, na hapo wako sahihi. Wazee wengi husema mahari haiishi, kwamba kubakiza kidogo kunadumisha undugu. Undugu unaweza kudumishwa kwa njia nyingine. Deni la mahari humfuata mwanamke hadi kaburini, maana zipo koo ambazo mke akifariki ndugu zake huzuia mazishi mpaka ng'ombe waliobaki walipwe, na zipo ambazo hugombania watoto kwa hoja hiyohiyo.

Kwenye nyumba nyingi bibi harusi haingii chumbani mahari inapozungumzwa. Anaitwa tu kuulizwa kama anawafahamu wageni. Kwa hiyo maneno yake yaingie mapema, kupitia shangazi au mama mdogo atakayekuwemo ndani. Siku kama kumi kabla, akae naye na kumweleza mambo mawili tu: kiasi ambacho yeye anaona kinafaa, na kwamba anataka mahari iliyokwisha, isiyorudishwa. Akimpelekea shangazi madai manane, litapita moja, na huenda si analolitaka. Bwana harusi naye amwambie mshenga ukomo halisi, lakini mshenga asiutaje mwanzoni. Akiutaja, hiyo 4,000,000 inageuka kuwa ngazi ya kuanzia.

Mahali pa kukaza na mahali pa kulegeza hapafanani. Wengi hukosea kwa kubishania koti la babu na blanketi la bibi, ambavyo kwa pamoja ni Sh 300,000 na ni heshima tupu: havirudishwi na havimpi mtu mamlaka. Toeni vyote bila kunung'unika, na vinunuliwe vizuri. Mkaja pia, kwa maoni yangu, usiguswe. Katika orodha nzima ndicho kitu pekee kinachokiri kwamba kuna mwanamke aliyebeba na kulea. Kazeni kwenye ng'ombe, kwa sababu hao ndio wanaodaiwa baadaye. Wakitoka 8 wakawa 4, ni Sh 2,800,000. Mbuzi mmoja wa wajomba, Sh 150,000.

Faini inahitaji akili zaidi. Ukiitazama vizuri, inamlipa baba kwa jambo ambalo gharama yake ameibeba binti: mimba, likizo, pengine masomo yaliyosimama. Kuikataa kabisa huonekana kama dharau, na mazungumzo huweza kuvunjikia hapo. Njia inayopita vizuri ni mshenga kukiri kosa kwa niaba ya kijana, kuomba radhi rasmi, kisha kuomba nusu ya faini iende kwa mtoto, iwekwe kwenye akaunti ya jina lake. Mzee anayekataa fedha kwa mjukuu wake mbele ya ndugu ni nadra. Kwa hiyo Sh 250,000 zinakwenda kwa mtoto, nusu iliyobaki inasamehewa, na jumla inakuwa 4,000,000 kamili, inayolipwa siku hiyohiyo.

Mtaona sikushauri mahari ya sifuri. Mwanamke aliyetolewa kidogo mno husimangwa ukweni kwamba aliokotwa, na masimango hayo huanza pale pale nyumba inapopata shida. Wachumba wanaotaka kuifuta kabisa wawe na ukoo wa mume unaokubaliana nao kwa dhati, si unaofurahia tu kuokoa fedha.

Kabla ya chakula kuliwa, iandikwe hati. Nakala mbili, moja kila upande, zenye tarehe, kila kitu kilichotolewa na aliyekipokea, saini za mshenga na mzee mmoja wa kila upande, pamoja na saini za wachumba wenyewe. Iwe na sentensi mbili ambazo hati nyingi hazina: "Mahari imekamilika, hakuna kilichobaki" na "Upande wa mume hautadai kurudishiwa chochote kilichotajwa hapa." Sentensi ya pili ndiyo inayomrudishia mwanamke mlango wa nyumbani kwao. Si kinga kamili mbele ya mahakama, lakini kwenye kikao cha ukoo, ambako mambo haya huamuliwa zaidi, karatasi yenye saini ya mzee ni ngumu kuipinga. Mume akigoma kuiweka, bibi harusi amejifunza jambo mapema.

Orodha ikishakaa sawa, kicheni pati inaweza kuyarudisha yote nyuma kwa jioni moja. Pale bibi harusi husikia kwa saa tatu kwamba nyumba inasimama au kuanguka kwa mpishi wake, wakati bwana harusi hana kikao chochote cha namna hiyo. Msigombane ukumbini na somo anayemfunda bibi harusi. Mwoneni wiki mbili kabla, mumpe mambo ya kusema: bajeti ya nyumba, uzazi wa mpango, zamu za kulea mtoto, nani atachukua ruhusa mtoto akiugua. Halafu bwana harusi atafutiwe jioni yake na wanaume wawili watatu walioishi vizuri na wake zao, afundishwe mambo hayohayo.

Limebaki suala la mshenga. Kwa desturi, yeye ndiye mtu wa kwanza kuitwa mkigombana, kabla ya shauri kufika baraza la usuluhishi la ndoa, ambalo Sheria ya Ndoa kwa kawaida inataka lipitiwe kabla ya kuomba talaka. Hivyo anapochaguliwa, usitazame ulimi wake wa kubembeleza wazee tu. Uliza alichowaambia wanandoa aliowasimamia zamani walipopelekeana malalamiko. Kama kila mara mke ndiye aliyeambiwa arudi akajirekebishe, tafuteni mwingine kabla barua haijatoka.