Yukata: kushoto juu ya kulia, na picha iliyoniponza

Nilivaa yukata, joho jepesi la Kijapani la kufunga kwa mkanda, mara ya kwanza katika nyumba ya wageni ya kijapani, mjini Hakone, kwenye chemchemi za maji moto. Nilitoka chumbani nikijiona nimependeza. Mhudumu mmoja, mama wa makamo, akanisimamisha kwenye ujia, akainamisha kichwa kuomba radhi, kisha akafungua mkanda wangu na kunivika upya. Nilikuwa nimefunga kipande cha mbele cha kulia juu ya cha kushoto. Kule, hivyo ndivyo anavyovikwa maiti.

Kosa langu lilitokana na picha. Nilimwiga mtu aliyeelekeana nami: kipande cha juu nilikiona upande wangu wa kulia, nami nikaweka wangu wa kulia juu. Nikasahau kwamba kulia kwangu ni kushoto kwake.

Maneno nayo hayasaidii sana. Wajapani huita uvaaji sahihi "migi-mae", na wengi hudhani maana yake ni kulia mbele. La. Maana yake kulia hutangulia kugusa mwili, kisha kushoto huja juu. Wanawake na wanaume ni vilevile, tofauti na mashati ya vifungo. Amri ya kuwataka watu wote wafunge hivyo ilitolewa Japani mwaka 719, wakifuata desturi ya China.

Alivyonivika yule mama ndivyo ninavyovaa hadi leo. Vaa joho, shika ncha mbili za ukosi na uzilinganishe mbele yako, ili mshono wa nyuma ukae katikati ya mgongo. Inua hadi pindo lifike kwenye kifundo cha mguu. Kwanza peleka kipande cha kushoto mpaka ukingo wake ufike nyonga ya kulia, upime tu. Kifungue bila kupoteza kipimo, ingiza cha kulia hadi nyonga ya kushoto huku ukiinua kidogo ncha yake ya chini, halafu rudisha cha kushoto juu. Watu huruka hatua ya kupima, kisha wanashangaa joho likiachia wanapotembea. Mkanda uzungushe mara mbili na ufunge: wanaume chini ya tumbo, kwenye nyonga, wanawake kiunoni.

Kujikagua, ingiza mkono wa kulia kifuani. Ukipenya bila kizuizi kati ya vipande viwili, umepatia. Mtu anayekutazama ataona ukosi umechora herufi y ndogo, mstari mrefu ukishuka kutoka kuliani kwake. Ila kwenye kioo y hiyo itageuka, na selfi ya simu nayo mara nyingi huigeuza. Rafiki yangu mmoja alijiona kiooni amekosea, akafungua vazi lililokuwa sawasawa, akalifunga kinyume. Mimi siku hizi kioo nakitumia kwa nywele tu. Vazi nalikagua kwa mkono.